Bei ya dhahabu ikipanda, bangili za zamani hurudi sokoni

Tukikaa na akina mama wa Lamu kuzungumzia dhahabu, swali moja halikosi: bei hii inayopanda kila kukicha, kuna kitu cha kuizuia? Kipo, na sehemu yake imefungiwa makabatini mwao wenyewe. Kila bangili, kipini, mkufu na pete ni dhahabu iliyokwisha kuchimbwa, na inaweza kurudi sokoni siku ambayo mwenyewe ataona bei imemridhisha. Biashara hiyo huitwa biashara ya dhahabu chakavu, ingawa bangili yenyewe huenda haina hata mkwaruzo.

Dhahabu yote iliyowahi kuchimbwa duniani inakadiriwa kupita tani 200,000, na karibu nusu yake ni mapambo. Migodi yote ya dunia hutoa kama tani 3,600 kwa mwaka. Kwa hiyo asilimia moja tu ya mapambo yaliyo mikononi mwa watu ikiuzwa katika mwaka mmoja, soko hupata karibu tani 1,000 za ziada, zaidi ya robo ya jasho la migodi yote. Tena mgodi hauwezi kuharakishwa. Tangu dhahabu igunduliwe ardhini hadi mgodi uanze kuitoa, miaka kumi au zaidi hupita. Bangili ya Lamu inaweza kuuzwa leo asubuhi, ikayeyushwa jioni, na baada ya wiki chache ikawa mche wa dhahabu safi mikononi mwa mnunuzi wa ng'ambo. Ndiyo maana bei inapopanda ghafla, mauzo ya wenye mapambo huitikia kabla ya migodi.

Tuchukue jozi ya bangili za karati 22 zenye uzito wa gramu 24, zilizonunuliwa mwaka 2005 kwa ajili ya harusi. Karati 22 maana yake ni sehemu 22 za dhahabu safi kati ya 24, kwa hiyo jozi hiyo ina gramu 22 za dhahabu safi. Mwaka ule wakia moja, yaani gramu 31.1, ilikuwa ikiuzwa kwa wastani wa dola 445 hivi, na dola moja ilikuwa kama shilingi 75. Dhahabu iliyomo bangilini ilikuwa na thamani ya karibu shilingi 23,600, ukiacha ujira wa kufua. Machi 2025 wakia ilifika dola 3,000, na dola ilikuwa kama shilingi 129. Gramu ya dhahabu safi ikawa shilingi 12,440 hivi, na jozi ile ile ikafika karibu shilingi 273,700. Haijaongezeka hata punje, lakini sasa inaweza kulipa karo, kununua injini ya boti au kumalizia paa la nyumba. Mwenye nayo aliyekuwa akisema hatauza kamwe huanza kufikiri upya.

Akifika kwa sonara, halipwi shilingi 273,700 zote. Sonara huisugua bangili kwenye jiwe jeusi hadi iache mstari wa njano, kisha hudondosha tindikali juu ya mstari huo na kuuangalia. Mstari wa dhahabu nzuri hubaki. Wa shaba iliyopakwa rangi hutoweka. Huondoa shanga na vito ili visipimwe pamoja na dhahabu. Hukagua pia maungio, kwa sababu lehemu iliyotumika pale mara nyingi ni ya karati ya chini, na zikiyeyushwa zote pamoja karati ya jumla hushuka. Baada ya hapo hukata gharama ya kuyeyusha, kusafisha na kusafirisha, hukata hatari ya bei kushuka kabla hajaiuza, kisha faida yake. Akikupa shilingi 246,000, amekata asilimia 10. Hesabu hii ni vizuri uifanye mwenyewe kabla ya kuingia dukani, kwa maana kuna wauzaji wanaoamini kuwa bei iliyotangazwa redioni ndiyo watakayopewa mkononi.

Hapa pana jambo ambalo hata wafanyabiashara hulichanganya. Mama akipeleka bangili za zamani akachukua za mtindo mpya za uzito ule ule kwa ajili ya arusi ya bintiye, akalipa ujira tu, soko halijapata dhahabu yoyote ya ziada. Iliyotoka ndiyo iliyorudi. Baraza la Dhahabu Duniani halihesabu mabadilishano ya namna hiyo katika takwimu zake za dhahabu iliyorejeshwa. Huhesabu ile iliyouzwa kwa fedha taslimu ikasafishwa upya. Dhahabu inayokandamiza bei ni hiyo ya fedha taslimu peke yake. Kwa hiyo duka la sonara linaweza kujaa watu kutwa nzima na bado lisiongeze gramu moja sokoni.

Nguvu ya jambo hili ilionekana wazi mwanzoni mwa 2009. Ulikuwa wakati wa msukosuko mkubwa wa fedha duniani, wawekezaji wa nchi tajiri wakikimbilia dhahabu kwa hofu ya mabenki, na mwezi Februari wakia ikagusa dola 1,000. Uturuki, India, Misri na nchi za Ghuba watu wakafanya kinyume: wakatoa mapambo yao na kuyauza. Katika robo ya kwanza ya mwaka huo zaidi ya tani 500 za dhahabu ya zamani zilirudi sokoni duniani. India, ambayo kwa kawaida ni miongoni mwa wanunuzi wakubwa kabisa, ikawa karibu haiagizi kitu kutoka nje kwa wiki kadhaa, maana iliyouzwa na wananchi wake ilitosha kuwalisha masonara wake. Wawekezaji walikuwa bado wananunua, lakini sokoni kulikuwa na dhahabu ya kuwatosha na kusaza. Kufikia Aprili wakia ilikuwa imeteremka hadi karibu dola 870.

Lakini bei haikukaa huko. Septemba mwaka huo huo ilipita tena dola 1,000, ikaendelea kupanda hadi kufika karibu dola 1,900 mnamo Septemba 2011. Mtu angetarajia kwamba kwa bei iliyokaribia mara mbili ya ile ya mapema 2009, bangili zingemwagika maradufu. Haikuwa hivyo. Dhahabu iliyorejeshwa mwaka 2009 ilikuwa kama tani 1,700. Miaka ya 2010 na 2011 ilibaki karibu na hapo, pungufu kidogo.

Sababu ni kwamba wenye dhahabu hawafanani. Wapo walio tayari kuuza bei ikifika kiwango fulani, kwa kuwa wana shida au hawaipendi tena bangili yenyewe. Hao huuza mara moja, na wakishauza hawana kingine cha kuuza. Ni kama kisima: ukichota kwa wingi asubuhi, ndoo ya mchana hutoka nusu hadi maji yajikusanye tena. Wanaobaki ni wale wenye dhahabu ya urithi, ya mahari, au wasio na dhiki, na hao hawashawishiki ila kwa bei ya juu zaidi. Kwa hiyo kila ngazi ya bei hutoa kundi lake na kulimaliza. Kwa maoni yangu, anayesema dhahabu chakavu huzuia bei anasema nusu ya ukweli. Huizuia kwa wiki au miezi, inapopanda kwa ghafla. Ikiwa wanunuzi wapya wana fedha na hawachoki, bei hupumzika tu kisha ikaendelea.

Hayo ndiyo tuliyoyaona hivi karibuni. Kila mwaka kuanzia 2022 hadi 2024, benki kuu za nchi mbalimbali zilinunua zaidi ya tani 1,000 za dhahabu. Mwaka 2024 dhahabu iliyorejeshwa ilifika karibu tani 1,370, kiwango kikubwa kuliko chochote tangu 2012, na bado bei haikusimama. Oktoba 2025 ilivuka dola 4,000. Wengi wenye mapambo walikuwa wameona bei ikipanda mwezi baada ya mwezi, wakaona hasara kuuza leo kitu kitakachopata zaidi kesho. India wengine hawakuuza kabisa: waliweka bangili rehani, wakapata mkopo, na dhahabu ikabaki yao. Bangili iliyo rehani haikandamizi bei ya mtu yeyote, mpaka mwenyewe ashindwe kulipa na mkopeshaji aiuze.

Kwa sisi wa pwani ya Kenya kuna hesabu nyingine ya kutazama. Muuzaji wa Lamu halipwi kwa dola. Mwishoni mwa Januari 2024 wakia ilikuwa karibu dola 2,030, lakini dola moja ilikuwa kama shilingi 161, kwa hiyo wakia ilifika karibu shilingi 327,000. Kufikia mwisho wa Agosti mwaka huo dhahabu ilikuwa imepanda hadi dola 2,500 hivi, na magazeti yakiandika juu ya rekodi. Wakati huo shilingi ilikuwa imepata nguvu na dola imeshuka hadi kama 129, ikawa wakia ni karibu shilingi 322,500. Bei ya dunia ilipanda kwa zaidi ya asilimia 20, lakini ya Lamu ilipungua kidogo. Mama aliyesubiri rekodi ya Agosti ili auze hakupata zaidi ya yule aliyeuza Januari. Nchi ambayo fedha yake inaanguka hutoa dhahabu nyingi hata bei ya dunia ikiwa imetulia. Ile ambayo fedha yake inapata nguvu hufunga makabati hata dunia ikishangilia.

Mtu wa kawaida anaweza kuona dalili za wimbi la dhahabu chakavu bila kusoma takwimu yoyote. Katika masoko makubwa kama Istanbul, Mumbai na Dubai, dhahabu huanza kuuzwa chini ya bei ya London, ambayo ndiyo kipimo cha bei ya dunia, kwa kuwa iliyopo inazidi wanunuzi wa hapo na lazima isafirishwe. Dukani mwa sonara dalili ni fedha taslimu. Atakupokea vizuri, atapima, kisha atasema, "Mama, bei naijua, lakini pesa ya kununua leo imeniishia." Au atanunua, ila makato yaliyokuwa asilimia 10 yatakuwa 15. Kwa bangili zetu zile tofauti hiyo ni zaidi ya shilingi 13,000. Ukiona makato yanapanuka huku bei ya dunia ikiendelea kupanda, ujue wauzaji wengi wamekutangulia, na sonara anangoja mzigo wake uuzwe Mombasa au Nairobi ndipo apate fedha ya kununulia wako. Asiye na haraka hurudi baada ya wiki moja au mbili na kuuliza tena kwa hesabu ile ile: gramu, karati, bei ya siku, makato.