Kipindi cha dakika 10 kuhusu kioski cha maji: yanayosemwa na yaliyo kweli

Tuchukue kijiji cha Tanzania chenye kisima cha pampu ya umeme. Kioski cha maji hufunguliwa Jumatatu, ikifika Alhamisi mchana kinafungwa hadi wiki ianze upya. Watu wawili wenye simu moja wanataka kutengeneza kipindi cha dakika 10, kirushwe na redio ya jamii na kisambazwe kama podikasti kwenye makundi ya WhatsApp. Makosa mengi watakayofanya yana mizizi kwenye dhana hizi, na ya kwanza ndiyo inayoharibu zaidi.

Dhana: Mada ikiwa kubwa, kipindi kitakuwa kizito

"Tatizo la maji kijijini" si mada, ni gunia. Mna ukame humo, mabomba yaliyooza, bei, chumvi na ugomvi wa wanasiasa. Ukimwaga yote ndani ya dakika 10, msikilizaji anaondoka na kile alichokuja nacho, kwamba maji ni shida. Mada iandikike kama swali moja ambalo jibu lake bado hulijui: "Kwa nini kioski kinafungwa kila Alhamisi wakati ndoo zinalipiwa kila siku?"

Kabla ya kuwasha simu, lipime swali hilo. Kwanza, je, yuko mtu mwenye uwezo wa kubadilisha jambo hili, na anafikika? Hapa wengi hukimbilia kumlaumu waziri. Maji vijijini yanasimamiwa na RUWASA, wakala wa serikali ulioanzishwa mwaka 2019, lakini kioski huendeshwa siku kwa siku na chombo cha watoa huduma ya maji ngazi ya jamii, chenye mwenyekiti na mhasibu ambao pengine wanakaa hatua chache kutoka kisimani. Hao ndio wa kuulizwa kwanza.

Pili, je, jibu lina ushahidi wa kushikika? Tuseme mhudumu anadokeza kwamba umeme wa Luku huisha katikati ya wiki, na pesa ya kununulia mwingine huchelewa. Maneno yake peke yake hayatoshi. Omba kuona daftari la mauzo ya ndoo na tarehe za manunuzi ya Luku, uzipange sambamba kwa wiki nne. Kama Luku hununuliwa Jumatatu tu, ilhali mauzo ya Jumanne na Jumatano yapo, una kipindi. Kama tarehe hazilingani na siku za kufungwa, swali lako limekosea, na ni heri ulijue hapo kuliko hewani.

Tatu, muda. Mkutano mkuu wa kijiji hufanyika angalau mara moja kila miezi mitatu. Kipindi kikirushwa wiki moja kabla ya mkutano, watu huingia na swali mkononi. Kikirushwa siku moja baada yake, kinasubiri miezi mitatu mingine.

Nne, nani ataumia? Kipimo hiki husahaulika. Mhudumu wa kioski anaweza kupoteza kibarua, na kuficha jina lake hakusaidii kijijini, maana sauti ya mtu ni uso wake. Kuifanya nzito kwa programu nako hakutoshi: majirani wanamjua kwa namna anavyosema "basi bwana" kila baada ya sentensi mbili, na sauti iliyobadilishwa hivyo inaweza kurudishwa. Mwandike maneno yake, ondoa kinachomtambulisha, mtu mwingine ayasome, na msikilizaji aambiwe wazi kwamba anayesoma siye aliyeyasema. Kama ni yeye peke yake anayeweza kuwa anajua jambo hilo, hata njia hiyo haimfichi. Acha maneno yake, tegemea daftari.

Dhana: Sauti nyingi ndizo zinaleta uhai

Dakika 10 zinabeba watu watatu: mama anayechota maji, mhasibu au mwenyekiti, na ofisa wa RUWASA wilayani. Wakizidi hapo, msikilizaji anayepika au kuendesha bodaboda hakumbuki nani ni nani. Hesabu yenyewe ni ndogo. Kiswahili kinachosomwa bila haraka hutumia maneno 100 hadi 120 kwa dakika. Ukiwapa wageni watatu dakika mbili kila mmoja, unabaki na dakika nne, yaani maneno yasiyozidi 480 ya msimulizi, salamu na kuaga zikiwemo. Ndiyo maana utangulizi wa dakika mbili wenye historia ya kijiji lazima ufe.

Ili upate dakika mbili nzuri, rekodi kama 20. Usiulize "Je, maji ni shida hapa?" Utajibiwa "Ndiyo." Sema: "Nieleze Ijumaa iliyopita, tangu ulipoamka, maji uliyapata wapi?" Hapo utasikia saa, umbali na bei ya ndoo ya lita 20 kwa muuza mkokoteni.

Dhana: Kelele zitaondolewa kwenye kompyuta

Baadhi ya kelele huondoka. Mvumo usiobadilika, kama wa friji, hupunguzwa na `Noise Reduction` ya programu ya kuhariri sauti ya Audacity, mradi una sekunde chache za mvumo huo bila mtu kuongea. Ndiyo sababu kila mahali mnakorekodi mnyamaze nusu dakika huku simu ikiendelea kunasa. Utulivu huo pia huziba mapengo mnapohariri. Lakini upepo, muziki wa jirani na mvua juu ya bati haviondoki. Ukilazimisha, sauti ya mtu inakuwa kama anaongea ndani ya mtungi.

Dawa ni kusogea. Simu iwe kama sentimita 20 kutoka mdomoni, pembeni kidogo ili "p" na "b" zisipulize, na mkono usihamehame juu ya kava, kwa sababu mkwaruzo wa kidole husikika kama radi. Iweke kwenye hali ya ndege isije ikaita katikati ya jibu. Chumba chenye godoro, mapazia na nguo zilizotundikwa kinashinda ofisi tupu ya sakafu ya saruji. Sikiliza sekunde 30 za kwanza kwa visikizio kabla mgeni hajachangamka.

Mlio wa ndoo ikijaa urekodiwe peke yake, dakika nzima, bila mtu kuongea juu yake. Na faili mkitumiana kwa WhatsApp litumeni kama hati. Likipita kama ujumbe wa sauti linabanwa na ubora hupotea.

Dhana: Kiongozi akikataa kuongea, kipindi kimekufa

Kipindi hakijafa, lakini "alikataa kuongea" ni sentensi ya hatari kama ulimpigia mara moja saa sita mchana. Mpelekee maswali kwa maandishi, yakiwa na tuhuma yenyewe na tarehe za daftari, umpe siku tatu au zaidi, utunze nakala na saa ulizopiga. Hewani sema kilichotokea tu: ulimwuliza nini, lini, na hadi siku ya kurekodi hakuwa amejibu. Akijibu kwa ujumbe mfupi, soma jibu lake bila kulikatakata, hata kama linavunja nadharia yako. Mhasibu anaweza kuandika kwamba pesa ya ndoo lazima iingie benki kwanza, na mtia sahihi wa pili hupatikana Jumatatu tu. Hapo swali la Alhamisi limepata jibu ambalo hakuna mwizi ndani yake, na dakika mbili za mwisho inabidi ziandikwe upya.