Ndoto ya bahari inayorudi kila usiku

Watu wengi wanaofika kwangu na ndoto za kutisha wameshauliza maana yake kwingine. Hilo halinishangazi, wala siwakatazi. Hapa Mtwara ndoto ni habari ya familia, na mtu akiamka anahema atamwambia mama yake kabla ya kumwambia daktari. Ninachotaka kueleza leo ni aina moja ya ndoto ambayo kutafuta maana yake kunaweza kumchelewesha mtu kupona: ile inayorudia tukio lililompata kweli, karibu kama lilivyotokea, wiki baada ya wiki.

Nitaeleza kwa mfano wa mvuvi mmoja. Nimechanganya habari za watu zaidi ya mmoja ili asijulikane.

Mashua yao ilipinduliwa na mawimbi usiku, wakati wa kusi. Yeye na mpwa wake walishikilia ubavu wa chombo kwa saa nyingi. Kabla ya alfajiri kijana aliishiwa nguvu, mkono ukateleza, na mwili wake haukuonekana tena. Tangu hapo mvuvi huyu aliota mkono ule ukiteleza. Maji yalikuwa yaleyale na giza lilelile, na aliamka palepale kila mara, mara nyingi kwenye saa tisa usiku. Saa hiyo ina sababu yake. Usingizi wenye ndoto nzito huwa mrefu zaidi kuelekea alfajiri, hivyo ndoto za namna hii humwamsha mtu usiku umeshapita nusu.

Mama yake alisema marehemu anahitaji dua. Ikasomwa hitima, na kwa siku chache alilala vizuri. Mimi naiheshimu hitima ile, kwa sababu familia haikuwa na mwili wa kuzika na ilihitaji mahali pa kulilia. Lakini ndoto ilirudi, na hapo akatafutwa mtu wa kuagua. Huyo akasema kuna mkono wa mtu wa nyumbani, na lawama zikamwangukia wifi mmoja. Ndani ya mwezi ndugu hawakuwa wakisalimiana, na mgonjwa wetu alikuwa na hofu mbili: bahari na watu wake.

Kuna jambo ambalo maalimu mmoja alinikumbusha, nami huwaeleza wagonjwa Waislamu. Mafundisho ya Mtume kuhusu ndoto mbaya ni kujikinga kwa Mwenyezi Mungu, kutema mate kidogo kushoto mara tatu, kugeuka ubavu, na kutoisimulia. Hakuna agizo la kuizungusha mji mzima kutafuta nani kaituma.

Kwa nini ndoto ya namna hii haina fumbo la kufumbua? Kwa sababu inasema waziwazi inachosema. Mtu akinusurika kifo, ubongo huihifadhi ile hofu bila kuifunga kama jambo lililokwisha, na usingizini huirudia ikiwa mbichi. Wiki za mwanzo hali hiyo ni ya kawaida. Wengi hupoa wenyewe wakiwa na watu wao, chakula na kazi nyepesi, na hakuna haja ya kumlazimisha mtu asimulie. Kipimo tunachotumia ni mwezi mmoja. Ukipita na ndoto bado zinarudi, mtu anaruka akisikia kishindo, anakwepa mahali panapomkumbusha, hana raha na watu na kazi imemshinda, hapo tunafikiria ugonjwa unaotokana na kiwewe. Ugonjwa huo una matibabu.

Mvuvi huyu alikuja baada ya miezi. Nilipomuuliza analalaje alijibu, “Dada, mimi silali, najizuia.” Alikuwa akinywa nipa ili apitiwe na usingizi, na siku pombe ilipokosekana alimeza dayazepamu aliyopewa na jirani. Pombe humlaza mtu haraka na kupunguza ndoto mwanzoni mwa usiku, kisha inapoisha mwilini ndoto hurudi kwa nguvu. Dayazepamu haiponyi kiwewe, huzoesha mwili, na ikichanganywa na pombe inaweza kuzuia pumzi. Kwa hiyo tulianza na hayo mawili, taratibu, pamoja na daktari, kwa sababu kukata ghafla pombe au dawa hiyo iliyozoeleka kunaweza kuleta degedege. Nilimuuliza pia dawa nyingine anazotumia. Propranolo ya shinikizo la damu, meflokwini ya malaria na efavirenzi ya VVU zinaweza kuleta ndoto za kutisha. Anayetumia mojawapo asiiache, arudi kwa aliyemwandikia.

Kisha tukaigusa ndoto yenyewe. Njia tuliyotumia ni kuiandika upya na kuifanyia mazoezi mchana. Mgonjwa anasimulia ndoto mara moja, kwa ufupi. Halafu anachagua mahali pa kuibadilisha, vyovyote anavyotaka yeye, na anaipitia ile mpya akilini kama dakika 15 kila siku, macho yamefumbwa, akiona rangi na kusikia sauti. Ndoto ya zamani haifanyiwi mazoezi. Kwa kawaida tunaanza na ndoto iliyo nyepesi kuliko zote, lakini yeye alikuwa na moja tu, hivyo tulikwenda polepole zaidi.

Mwanzoni aliandika kwamba mpwa ameokolewa. Siku iliyofuata akaniambia hawezi, anahisi anamdanganya marehemu. Nikamwambia tunabadilisha ndoto tu, tukio tunaliacha lilivyo. Akafikiri, akaja na yake: mkono hautelezi, anamvuta kijana hadi ufukweni kunapambazuka, wazee wanampokea, anaoshwa, anakafiniwa, anazikwa. Mimi nisingeweza kumtungia hiyo. Aliipitia kila siku baada ya swala ya alasiri, si wakati wa kulala. Wiki mbili za kwanza mabadiliko yalikuwa madogo, na wengi hukata tamaa hapo. Baada ya wiki kadhaa ndoto ilishuka kutoka karibu kila usiku hadi mara moja kwa wiki, na ikija aliweza kulala tena.

Njia hii inatibu ndoto. Hofu ya upepo na kukwepa pwani vilibaki, na kwa hayo aliendelea na tiba ya mazungumzo inayolenga kiwewe. Kuhusu dawa, prazosini iliwapa wengi matumaini, lakini utafiti mkubwa wa mwaka 2018 kwa askari wastaafu Marekani haukuona tofauti na kidonge kisicho na dawa. Madaktari wengine bado huwapa baadhi ya wagonjwa, na wanapaswa kufuatilia shinikizo la damu kwa sababu dawa hiyo hulishusha.

Wapo wasiotakiwa kusubiri mwezi uishe. Mtu anayesema marehemu anamwita na yeye anataka kumfuata, mjibuni kwa kumpeleka hospitali leo, asiachwe peke yake, na nyavu, kamba na sumu za kupulizia mikorosho ziondolewe karibu naye. Anayeinuka usingizini akipiga au kukimbia bila kujitambua achunguzwe, kwani inaweza kuwa kifafa au ugonjwa mwingine wa usingizi. Na anayeota jambo ambalo bado anafanyiwa, kama mke anayepigwa au mtoto anayeingiliwa, anahitaji kwanza kulindwa. Mazoezi ya ndoto hayafai wakati hatari iko nyumbani.

Wengine waanzie zahanati au kituo cha afya na waombe rufaa ya afya ya akili, hospitali ya Ligula kwa Mtwara au ya Sokoine kwa Lindi. Pale mapokezi usiseme tu “silali.” Sema tukio lilikuwa lini, ndoto inarudia nini, inakuja mara ngapi kwa wiki, na unatumia nini ili ulale.