Salio la mradi uliofungwa: dhana potofu na ukweli

Tuchukue mfano wa mradi wa visima vya maji vijijini, unaotekelezwa na asasi ya kiraia kwa ruzuku ya mfadhili. Bajeti ni shilingi milioni 180. Mfadhili ametuma milioni 162 kwa awamu, na milioni 18 zilizobaki zinasubiri ripoti ya mwisho. Mradi umefungwa tarehe 31 Desemba, matumizi halali yakiwa milioni 154.5.

Dhana: Salio ni bajeti kutoa matumizi, kwa hiyo tuna milioni 25.5.

Ukweli: Milioni 25.5 ni tofauti ya bajeti, na sehemu kubwa yake si fedha iliyopo. Milioni 18 hazikufika kamwe, na kwa kuwa hazikuhitajika, hazitakuja. Salio ni fedha iliyopokelewa kutoa matumizi: 162 kutoa 154.5, yaani milioni 7.5. Hesabu zote mbili zinatakiwa kwenye taarifa, kila moja kwenye safu yake. Mhasibu akizichanganya, mfadhili ataomba arudishiwe fedha ambayo hakuituma.

Dhana: Kilichobaki benki ndicho salio.

Ukweli: Hapa ndipo taarifa nyingi hurudishwa. Tuseme taarifa ya benki ya 31 Desemba inaonyesha milioni 9.5. Pampu ilifungwa tarehe 20 Desemba lakini ankara ya milioni 2.1 ikalipwa Januari. Hilo ni deni la mradi, nalo limo ndani ya zile 154.5 kwa sababu kazi ilikamilika kabla ya kufunga. Kisha ofisa mmoja ana masurufu ya laki 4 ambayo hajayarejesha. Hayo si matumizi mpaka risiti zije, na zisipokuja atarudisha fedha taslimu. Kwa hiyo: 9.5 jumlisha 0.4, toa 2.1, unapata milioni 7.8.

Mbona si 7.5? Laki 3 zilizozidi ni riba ya akaunti. Riba ioneshwe kwenye mstari wake, kwa sababu mikataba mingi inamtaka mpokeaji airudishe au aombe ruhusa ya kuitumia. Kwa ruzuku za serikali ya Marekani, kwa mfano, kanuni za 2 CFR 200 zinamruhusu mpokeaji kubaki na riba isiyozidi dola 500 kwa mwaka kwa gharama za utawala. Ukishaitenga riba, njia hizi mbili za kukokotoa zikikupa jibu moja, taarifa iko sawa. Zisipolingana, usitume, kagua kwanza masurufu na madeni.

Dhana: Maelezo ya salio ni kuandika “fedha haikutumika yote”.

Ukweli: Mfadhili anataka sababu kwa kila kifungu cha bajeti, tena yenye kiasi. Katika mfano wetu, kisima cha sita hakikuchimbwa kwa kuwa upimaji ulionyesha maji ya chumvi: milioni 18 zimebaki. Mafunzo yalifanyika kwa siku tatu badala ya tano: milioni 4. Mafuta ya gari yalipungua kwa sababu safari za kisima kile hazikuwepo: milioni 6. Upande wa pili, pampu zilizidi bajeti kwa milioni 2.5. Jumla ya vilivyobaki ni 28, toa 2.5, ndiyo ile 25.5.

Usiyafiche hayo matumizi yaliyozidi ndani ya jumla. Mkataba huweka kikomo cha kuhamisha fedha kati ya vifungu, na ukikivuka bila idhini ya maandishi, kiasi kilichozidi kinaweza kukataliwa hata kama mradi mzima umebakiza fedha.

Dhana: Fedha ikibaki, nunua kompyuta wiki ya mwisho.

Ukweli: Mkaguzi ataitazama tarehe ya kupokea vifaa na kuuliza vilitumika kwa kazi gani ya mradi. Kompyuta iliyofika tarehe 29 Desemba haina jibu. Gharama itakataliwa, na asasi italazimika kurudisha fedha ambayo imeshaitoa. Kama kazi halali imebaki, omba kuongezewa muda bila kuongezewa fedha, au kubadilisha matumizi, wakati mkataba bado hai. Baada ya tarehe ya mwisho mlango huo kwa kawaida umefungwa, na salio hurudishwa.

Dhana: Ukishatuma ripoti, funga akaunti.

Ukweli: Akaunti ibaki wazi mpaka madeni yalipwe na marejesho yatoke. Subiri barua ya mfadhili inayothibitisha kiasi, maana gharama moja ikikataliwa kiasi hubadilika. Tuma ukiandika namba ya mkataba kwenye maelezo ya malipo, kubalianeni mapema nani anabeba ada ya benki, kisha omba uthibitisho wa kupokelewa. Karatasi hiyo ikae kwenye jalada la mradi pamoja na usuluhisho wa benki wa mwezi wa mwisho.