Masaa yakipungua cheti kinasimamishwa, ukighushi masaa kinafutwa

Kila mwisho wa mwaka napata meseji za watu wamepanik, "odit imenichagua, masaa hayajatimia, cheti ndo basi?" Mi nafanya kazi hiyo ya kukagua masaa ya mafunzo endelevu kwa watu wa usalama wa mifumo, na jibu langu ni lilelile kila siku: masaa kupungua hakukufanyi mkosaji wa maadili, kinachokufikisha huko ni unachofanya ukishagundua yamepungua.

Kwanza tuwekane sawa. Vyeti vikubwa vya fani yetu havidumu milele. CISSP inataka masaa 120 ndani ya miaka 3, CISA nayo 120 kwa miaka 3 na isiwe chini ya 20 kwa mwaka. Masaa unajaza mwenyewe mtandaoni, hakuna anayekusimamia, unaweka tiki kwamba ulichoandika ni kweli. Ile tiki watu wanaichukulia poa sana, wakati ndiyo sahihi yako. Siku ulipopewa cheti ulikubali pia kanuni za maadili, na ndani yake kuna uaminifu, kwahiyo ukidanganya kwenye fomu ya masaa umevunja kitu ulichokisaini, hata kama kazini kwako wewe ni mkali kuliko wote.

Nitoe mfano, nimeuchanganya kutoka kesi kadhaa ili asitambulike mtu. Jamaa ana masaa 96, ya kweli kabisa. Zimebaki wiki mbili mzunguko wake ufungwe, amepungukiwa 24. Anajaza kwamba alihudhuria kongamano la siku tatu, masaa manane kila siku, hesabu inatimia vizuri. Bahati mbaya anaangukia kwenye sampuli ya odit, tunamwandikia tukimwomba ushahidi. Hapo alikuwa bado ana mlango wa kutokea. Angejibu tu "nimekagua tena, yale 24 siwezi kuyathibitisha, naomba yaondolewe," tungeyafuta, hadhi yake ingesimamishwa, angepewa muda wa kuyafidia na mambo yangeishia ofisini kwetu bila kamati yoyote kusikia jina lake. Kweli kuna maswali angeulizwa kuhusu ile tiki, lakini kukosea kumbukumbu na kughushi ni vitu viwili tofauti na kila mtu mezani analijua hilo.

Yeye akamwomba mwenzake hati ya mahudhurio ya kongamano lile, akabadilisha jina, akatuma.

Watu wanadhani tunakamata kwa mitambo ya ajabu. Hamna. Hati ile ilikuwa na namba ya usajili chini kabisa, na namba ileile tulishaiona, kwasababu mwenye hati naye ana cheti chetu na alishaituma kwenye odit yake mwenyewe. Afu ukifungua sifa za faili la PDF unakuta limehaririwa siku mbili baada ya barua yetu ya odit, wakati kongamano liliisha miezi mingi nyuma. Hilo peke yake sio ushahidi wa wizi, mtu anaweza kuskani upya au kupunguza ukubwa wa faili, na nimeshawahi kuona mkaguzi mgeni anarukia hitimisho kwa tarehe tu. Ndo maana tukawaandikia waandaaji, wakajibu jina hilo halipo kwenye orodha ya waliohudhuria. Na jamaa mwenyewe alikuwa ameshajaza webina ya masaa matatu siku ya pili ya kongamano, saa zilezile. Yaani alijishuhudia mwenyewe.

Kuanzia hapo faili linatoka mikononi mwangu, na hili watu wengi hawalijui. Aliyekusanya ushahidi haamui. Vyombo vingi vya vyeti vinafuata kiwango cha ISO/IEC 17024, ambacho kinataka ukikata rufaa isikilizwe na watu wengine, sio walewale waliokuhukumu. Sasa mi naandika ripoti, kamati ya maadili inamtumia barua inayotaja kifungu gani anatuhumiwa kuvunja na ushahidi wenyewe, anapewa muda wa kujibu, siku 30 ni kitu cha kawaida. Kamati inapendekeza, bodi ndo inaamua. Na sio kwamba kamati iko hapo kukumaliza. ISC2 kwa mfano, wenye CISSP, kanuni zao zinasema ukweli wa tukio ukishindikana kupatikana basi shaka yote inamfaidi mtuhumiwa. Mi naona ni sawa, japo kuna kesi zimeniuma.

Sasa jibu lako kwa ile barua ndilo linaamua zaidi ya kosa lenyewe, hii ni maoni yangu baada ya kusoma majibu mengi. Jamaa yetu alijibu kwamba alihudhuria, waandaaji ndo wamepoteza kumbukumbu zao. Akaonyeshwa ile namba ya usajili, akageuka, akasema msaidizi wake wa ofisini alichanganya mafaili. Msaidizi gani anabadilisha jina kwenye hati kwa bahati mbaya? Kamati hapo haipimi tena masaa 24, inapima kama neno la huyu mtu linaaminika, kwasababu wateja watampa nywila na ripoti za udhaifu wa mifumo yao kwa kuangalia zile herufi za cheti baada ya jina lake. Angekiri kwenye jibu la kwanza nadhani angepata kusimamishwa kwa kipindi na masharti ya kurudi. Uongo mara tatu, ukiwa umepangwa, cheti kikafutwa.

Tofauti yake kwa vitendo ni kwamba aliyesimamishwa bado yuko kwenye daftari, haruhusiwi kujitangaza na cheti mpaka atimize masharti, akitimiza anarudi na namba yake. Aliyefutiwa anatoka kabisa, kurudi kama anaruhusiwa ni kuanza upya na mtihani, na vyombo vingine vinamfungia moja kwa moja. Ila chombo cha vyeti sio mahakama, na hiki sio leseni kama ya daktari. Hakiwezi kumpiga faini wala kumzuia kufanya kazi ya usalama wa mifumo. Anaweza kuendelea kesho asubuhi, shida ni mwajiri au mteja atakapoingiza namba yake kwenye ukurasa wa uhakiki na isilete kitu. Na akiacha zile herufi kwenye saini ya imeili anaongeza kosa jingine juu ya lile, la kutumia alama ambayo sio yake tena, na hilo linaweza kumfikisha kwa wanasheria.

Kuna mtu wa mwisho kwenye stori hii, yule aliyemuazima hati. Naye alipata barua. Alijieleza kwamba aliombwa "nione tu inavyokuwa nikaombe kama hiyo kwa waandaaji", na bahati yake alikuwa hajafuta zile meseji, zikaonyesha hivyo hivyo neno kwa neno. Kesi yake ikafungwa bila adhabu. Angekuwa amezifuta sijui angejitetea na nini.