Mzigo upande meli au ndege? Hesabu ya magauni 40

*“Nina shilingi milioni nne na nusu. Nataka kuleta magauni ya watoto kutoka Guangzhou niuze Kariakoo, ila sijui kama yatatoka. Nipakie kwenye meli au kwenye ndege?”*

Magauni 40 yapande ndege. Mengine yasubiri meli, na yasiagizwe kabla hujaona hayo 40 yamepokelewaje dukani.

Nianze na bei. Ndege hutozwa kwa kilo, meli hutozwa kwa CBM, yaani meta moja ya ujazo: boksi lenye meta moja kila upande. Tuseme ajenti wako anataka shilingi 30,000 kwa kilo ya ndege na shilingi 1,000,000 kwa CBM ya meli, ushuru ukiwa ndani ya bei hiyo. Viwango hupanda na kushuka, kwa hiyo weka vya ajenti wako, njia ya kuhesabu ni ileile. Na muulize mapema kama kweli ushuru umo ndani na kama utapewa nyaraka za forodha, kwa sababu ajenti wawili wanaweza kukutajia bei zinazopishana sana kumbe mmoja hajahesabu ushuru.

Gauni moja la mtoto lina robo kilo. Kiwandani umelipata kwa 10,000. Katoni ya sentimeta 60 kwa 50 kwa 40 inameza magauni 96 yaliyokunjwa vizuri na ina uzito wa kilo 24. Kwa ndege, robo kilo ni 7,500, kwa hiyo gauni linafika Dar likiwa limekugharimu 17,500. Kwa meli, katoni hiyo ni CBM 0.12, sawa na shilingi 120,000, ukigawa kwa magauni 96 unapata 1,250. Gauni linafika kwa 11,250. Sokoni litauzwa 22,000.

Hapo wengi hufunga daftari na kuchagua meli. Na kama una hakika magauni yatatoka, hawajakosea. Milioni nne na nusu yako inaleta magauni 400 kwa meli, yote yakiuzwa unaingiza 8,800,000 na faida ni 4,300,000, kabla ya kodi ya fremu. Lakini umeniambia hujui kama yatatoka. Basi tupige hesabu ya siku ambayo hayatoki.

Tuseme robo tu ndiyo inauzwa kwa bei yake, na yanayododa unayamwaga kwa 4,000. Magauni 100 yanakupa 2,200,000, yale 300 yanakupa 1,200,000. Jumla 3,400,000. Umepoteza 1,100,000. Na hiyo bado si sehemu inayouma zaidi. Kontena la kuchangia hukaa China wiki moja hadi tatu likisubiri kujaa, linakaa baharini kama mwezi, mara nyingine likishushwa na kupakiwa upya Singapuri au Kolombo, kisha wiki moja mbili za kulitoa bandarini. Ni siku 45 hadi 65 mtaji wako umelala, na siku hizo zote hujui lolote. Unakuja kujua kwamba soko halikulipenda gauni lako wakati pesa yote imeshageuka nguo.

Sasa magauni 40 kwa ndege. Yana kilo 10, nauli 300,000, ununuzi 400,000, jumla 700,000. Yanafika kwa wiki mbili hivi. Yakikataliwa kwa kiwango kilekile, kumi yanakupa 220,000 na 30 ya kumwaga yanakupa 120,000, hasara ni 360,000. Inauma, lakini 3,800,000 bado iko mkononi mwako, na ndani ya mwezi mmoja na kidogo umeshajua. Unaweza kujaribu mtindo mwingine wakati yule wa meli bado anaulizia kontena lake limefika wapi.

Kwa nini nisiseme 100? Magauni 100 ya ndege yanakula 1,750,000. Robo ikiuzwa na zilizobaki ukazimwaga, unarudisha 850,000. Hasara 900,000, karibu sawa na ile ya meli! Ukijaribu kwa mzigo mkubwa umelipa bei ya ndege na hasara ya meli kwa pamoja. Tofauti ya nauli kati ya njia hizi mbili ni 6,250 kwa gauni, na kwa magauni 40 ni 250,000. Mimi hiyo naiita ada ya kuliuliza soko swali moja.

Na swali liulizwe vizuri. Usitawanye 40 kwenye mitindo kumi, hutajifunza kitu. Mtindo mmoja au miwili, rangi mbili, saizi nne. Uza kwa 22,000 ileile uliyokusudia, kwa sababu ukishusha hadi 18,000 ili yatoke haraka, umepima kitu ambacho hutakuwa nacho tena mzigo mkubwa ukija. Usiwahesabu dada zako na majirani. Na usiangalie tu yameisha lini, angalia nani anarudi. Mama wa duka la Mbagala akichukua matatu Jumatatu, na Alhamisi akapiga simu, “Kaka, yale ya pinki una dazeni?”, hiyo moja ina uzito kuliko wateja kumi wa rejareja waliopita njia.

Yakitoka yote, unayo 880,000 ya mauzo pamoja na ile 3,800,000. Jumla 4,680,000, inatosha magauni 416 kwa meli. Ila hapa pana shimo ambalo wengi hutumbukia: tangu siku unayoagiza hadi mzigo kufika ni zaidi ya miezi miwili, na yule mama wa Mbagala hatakusubiri. Jirani yako wa fremu ya pili naye ana ajenti Guangzhou, na macho anayo. Kwa hiyo gawa. Magauni 60 yaje tena kwa ndege, yanakula 1,050,000, na 3,630,000 inayobaki inaleta 322 kwa meli. Kwenye yale 60 faida ni 4,500 tu kwa gauni badala ya 10,750. Unayakubali kwa sababu bado ni faida, na rafu haikai tupu.

Yote haya yamewezekana kwa sababu gauni ni zito kwa ukubwa wake. Ungeniuliza kuhusu mito ya makochi, ningekwambia sahau ndege kabisa. Ndege haitozi uzito wa mizani peke yake. Wanapima urefu, upana na kimo kwa sentimeta, wanazidisha, kisha wanagawa kwa 6,000 (kampuni za vifurushi vya haraka hugawa kwa 5,000). Jibu likizidi kilo za mizani, unalipia jibu.

```
60 x 50 x 40 / 6000 = 20
```

Katoni ileile ya magauni ina kilo 24 za mizani, imezidi 20, unalipa 24. Ukiijaza mito, mizani inasema 9 na wewe unalipa 20. Kwa kifupi, CBM moja kwa ndege ni kama kilo 167. Bidhaa ambayo CBM yake haifiki uzito huo, kama mikoba iliyojazwa makaratasi, midoli au maua ya plastiki, ndege inakutoza hewa. Hiyo hata sampuli yake ije kipande kimoja kimoja, au uijaribu kwa kununua kwa mwenzako aliyeleta tayari.

Na katoni zina tabia ya kuvimba. Niliwahi kuleta sweta za watoto, katoni za 60 kwa 50 kwa 40, bei nilishaipiga kichwani. Ghalani nikamkuta kijana amepitisha futi ya kamba pale katikati palipotuna, si kwenye kona: 64, 54, 44. Zidisha, gawa, inakuja kilo 25 na ushee badala ya 20. Kila katoni ikaongezeka zaidi ya shilingi 150,000. Nilibisha kidogo, lakini kijana hakunidhulumu, hivyo ndivyo wanavyopima, pale palipojitokeza zaidi. Siku hizi namwambia muuzaji azitoe nguo hewa kwenye mifuko kabla ya kufunga, apunguze idadi kwa katoni, na anitumie picha ya futi ikiwa juu ya boksi lililokwisha kufungwa.

Meli nayo ina la kwake. Kwenye kontena la kuchangia, mali yako imekaa na za watu wengine ishirini. Mmoja akiwa ameficha kitu au ametaja bei ya uongo, forodha wakashikilia kontena, mnangoja wote. Ndiyo maana nahesabu siku 75, si 65, na hela ya kodi ya mwezi wa tatu naiweka kando kabla sijatuma hata senti China.

Kuna wakati mmoja ushauri wangu wa kujaribu kwanza haufanyi kazi, nao ni sikukuu. Chukua Idi ya 2027, inayotarajiwa karibu na 10 Machi kutegemea mwandamo. Magauni ya Idi yanatakiwa yawe dukani Ramadhani ikianza, karibu na 8 Februari. Mwaka mpya wa Kichina ni 6 Februari, na viwanda huanza kufunga siku kadhaa kabla na kuchelewa kufungua, kwa hiyo katika majuma hayo hakuna wa kukushonea hata ukiwa na pesa ya ndege. Rudi nyuma siku 75 kwa meli, uko karibu na 25 Novemba mzigo uwe umeshakabidhiwa ghalani Guangzhou, na oda imewekwa mwishoni mwa Oktoba. Ukitaka kujaribu kwanza, yale 40 yawe yanauzwa Kariakoo mwezi wa tisa, wakati hakuna anayewaza Idi. Na mauzo ya mwezi wa tisa yatakuonyesha kama watu wanapenda ushonaji na kitambaa, lakini hayatakuonyesha wangapi watanunua usiku wa kuamkia sikukuu. Kwa mzigo wa Idi, mimi huagiza kwa meli idadi ambayo hata nusu yake ikidoda nitaweza kulipa fremu, na naacha pesa ya kilo 20 za ndege ambazo ziwe zimetoka China kabla ya tarehe 20 Januari.