Kikaratasi cheupe hakimaanishi "hakuna": kikomo cha ugunduzi katika kupima arseniki ya kisima

Kikomo cha ugunduzi ni kiasi kidogo kabisa cha kitu ambacho kipimo kinaweza kukitofautisha na kutokuwapo kwake. Chini ya hapo kitu kinaweza kuwemo, ila kipimo hakina namna ya kukuambia. Wanaopima sumu ya arseniki kisimani hujikwaa hapa mara nyingi: kikaratasi cha kipimo kikibaki cheupe, mpimaji huandika "0" kwenye daftari. Hiyo 0 hakuipima. Kama kikomo cha kifaa chake ni mikrogramu 10 kwa lita, alichokipima ni "chini ya 10", na hivyo ndivyo angepaswa kuandika.

Ili kuelewa kwa nini, tazama kinachotokea ndani ya chupa. Vipimo vingi vya kisimani vinafanya kazi kwa namna moja. Unatia maji kwenye chupa hadi mstari, mara nyingi mililita 50 au 100, kisha unaongeza unga wa tindikali na unga wa zinki. Zinki ikikutana na tindikali hutoa hidrojeni, na ndiyo mapovu unayoyaona. Kama maji yana arseniki, sehemu yake hugeuka kuwa gesi inayoitwa arsini, ikapanda pamoja na mapovu. Kwenye kifuniko umepachika kikaratasi kilicholoweshwa zebaki bromidi na kukaushwa. Arsini ikikigusa, kinageuka manjano, na kadiri inavyozidi kinaelekea kahawia. Unasubiri muda ulioandikwa kwenye maelekezo, unakitoa, unakilinganisha na jedwali la rangi.

Sasa piga hesabu. Maji yenye mikrogramu 10 za arseniki kwa lita, katika chupa ya mililita 100, yana mikrogramu 1 tu, yaani sehemu moja ya milioni ya gramu. Hicho ndicho kiasi chote kinachotakiwa kupaka rangi ambayo jicho lako litaiona. Ukijaza chupa nusu tu kwa haraka, kikaratasi kinapata nusu ya arseniki na kisima kinaonekana bora kuliko kilivyo. Ndiyo maana ule mstari kwenye chupa si wa kukadiria.

Rangi nayo haina mpaka mkali. Chukua kikaratasi kilichopimiwa maji safi ya maabara, yasiyo na arseniki, ukiweke kando ya kile cha kisima chako. Hicho cha maji safi ndicho kielelezo chako, na kwa kawaida hakitakuwa cheupe kama karatasi ya daftari: kinaweza kuwa na ukungu hafifu wa rangi. Kikomo cha ugunduzi kinaanzia pale ambapo huwezi tena kuvichanganya vikaratasi hivi viwili. Mimi ningefanya kipimo cha maji safi kila siku ya kazi, kabla ya kisima cha kwanza, hata kama maelekezo hayakudai. Kikigeuka manjano, chupa haikuoshwa vizuri au unga umechafuka, na hakuna jibu la siku hiyo la kuaminika.

Tuchukue kisima kimoja. Jedwali lina rangi za 0, 10, 25, 50, 100 na kuendelea. Kikaratasi kimetoka na manjano iliyokolea kidogo kuliko ya 10, lakini haijafika ya 25. Mpimaji mmoja anasema 10, mwenzake anasema 25. Kosa kubwa ni kugawa katikati na kuandika 17, kwa sababu tarakimu hiyo inajidai kuwa na uhakika ambao jicho halina. Andika "kati ya 10 na 25".

Je, maji hayo yanafaa? Inategemea unayalinganisha na nini. Kiwango elekezi cha Shirika la Afya Duniani ni mikrogramu 10 kwa lita, wakati Bangladeshi, nchi iliyopima visima vingi sana kwa njia hii, hutumia 50. Kwa kipimo cha 50 kisima chetu kinafaa bila shaka. Kwa kipimo cha 10 kina shaka ya kweli, na chupa nyingine ya maji yake ipelekwe maabara. Kifaa ambacho kikomo chake ni 10 hakiwezi kuamua ugomvi unaohusu 10 yenyewe. Kinafaa kutenga visima vibaya sana na vile vyenye nafuu. (Angalia pia kipimio kilichochapwa kwenye jedwali: 0.01 mg/L ni sawa na mikrogramu 10 kwa lita.)

Kisima kikipitiliza rangi ya mwisho ya jedwali, watu huchanganya maji yake na maji safi. Mililita 20 za kisima zikijazwa hadi 100, jibu unalizidisha kwa 5: ukisoma 100, kisima kina takriban 500. Kinachosahaulika ni kwamba kikomo nacho kinazidishwa kwa 5. Kikaratasi cheupe baada ya kuchanganya hivyo kinasema "chini ya 50" tu.

Makosa mengine unaweza kuyatambua kwa kutazama. Rangi yenye madoa au upande mmoja umekolea ina maana povu limerukia kikaratasi, rudia. Maji yanayonuka yai bovu yana gesi ya salfa, ambayo nayo hupaka kikaratasi rangi, hivyo usiruke hatua ya dawa ya kuiondoa kama boksi lako linayo. Maji ya baridi hupunguza kasi ya mapovu na jibu hutoka chini ya ukweli. Rangi isome papo hapo, kivulini lakini kwenye mwanga wa mchana, bila miwani ya jua. Kikaratasi ulichokiweka mfukoni ukisome jioni si ushahidi tena.

Kazi yote ifanyike nje, mgongo ukielekea upepo unakotoka, pasipo sigara wala moto: hidrojeni huwaka, na arsini ni sumu kali ikivutwa. Usifungue kifuniko kuchungulia kabla ya muda.

Kisha kuna taka, na hapa watu huhofia kitu kisicho chenyewe. Arseniki iliyobaki kwenye chupa ni ile ile iliyokuwa kisimani, kidogo mno. Kinachohitaji uangalifu zaidi ni zebaki ya kikaratasi. Usikishike kwa vidole vitupu. Kitie kwenye kichupa cha plastiki chenye kifuniko, kilichoandikwa "zebaki na arseniki", pamoja na vingine vyote vya siku hiyo. Usikichome moto, maana zebaki itapanda na moshi, na usikitupe chooni wala shimoni.

Maji ya chupa yaache wazi nje hadi mapovu yakome, kisha yamimine pamoja na tope la zinki kwenye dumu la plastiki, wala si la bati, kwa kuwa tindikali hula bati. Maji ya kwanza ya kusuuza yaingie humo humo. Kifuniko kikae kimelegea: chembe za zinki huendelea kutoa hidrojeni kwa saa kadhaa, na dumu lililokazwa huvimba, hata kupasuka. Usiweke humo dawa ya klorini, na usimwage chochote karibu na kisima. Unga wa zinki uliobaki haujatumika ukae kwenye pakiti yake, mkavu, mbali na dumu hilo. Dumu na kichupa vyote viwili hurudishwa kwenye maabara inayopokea sampuli zako au kwa wanaoshughulikia taka za kemikali.