Ultrasaundi na kidole tumbo

"Ultrasaundi imesema tumbo ni safi, basi si kidole tumbo."

Inategemea kama kidole tumbo chenyewe kilionekana. Mpimaji hubonyeza taratibu upande wa kulia chini ili gesi isogee. Utumbo wenye afya hubonyea. Kidole tumbo kilichovimba hubaki mrija usiobonyea, ulioziba mwisho, wenye kipenyo cha zaidi ya milimita 6 na ukuta mnene. Mafuta yanayokizunguka nayo huvimba na kuonekana meupe, na mara nyingi ndiyo humwongoza mpimaji.

Chukua mkulima wa viazi kutoka Uporoto, mnene kiasi, anayepimwa Mbeya mjini. Maumivu yalianza kitovuni yakahamia kulia, lakini ripoti inasema "kidole tumbo hakikuonekana". Hiyo si ripoti safi hata kidogo! Huenda kimejificha nyuma ya utumbo mpana, au gesi imekifunika. Siti skani ikakionyesha: milimita 11, na mafuta ya pembeni, ambayo kwa kawaida ni meusi, yamejaa michirizi ya kijivu.

Kosa jingine ni mpimaji kuishia kwenye shina la kidole tumbo. Uvimbe unaweza kuwa nchani tu, kwa hiyo kifuatwe hadi mwisho.